Kujizima kwa joto

Seva ikipatikana imezima asubuhi na chumba kikiwa na fukuto, taarifa inayopelekwa juu huwa na sentensi moja: "Mfumo ulizimika kutokana na joto kali." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini fundi atakayeisoma Bukoba au Dodoma hataweza kuifanyia kazi. Hajui kama umeme ulikatika, kama mtu alibonyeza swichi, au kama mashine yenyewe iliamua kujiokoa. Istilahi inayofaa hapa ni kujizima kwa joto, na kila sehemu yake inamwelekeza mwandishi wa taarifa kwenye jambo analopaswa kulirekodi.

Tuanze na kitenzi. Seva iliyozimwa ina mtu aliyeizima. Iliyozimika imekosa umeme au imeharibika. Iliyojizima imefuata amri iliyowekwa ndani yake na mtengenezaji: halijoto ikifika kiwango fulani, acha kazi. Kabla ya kufika hapo hupita ngazi kadhaa. Kwanza feni zake zinaongeza kasi, na mtu aliye nje ya mlango anazisikia zikivuma kama kipupwe. Halijoto ikizidi kupanda, prosesa inapunguza mwendo wake ili itoe joto kidogo, na hapo watumiaji wanaanza kulalamika kwamba mtandao ni mzito, ingawa mtandao hauna tatizo lolote. Ngazi inayofuata ni kujizima kwa utaratibu: mfumo endeshi unafunga programu, unaandika data kwenye diski, kisha unakata umeme. Prosesa ikifika ukomo wake kabla utaratibu huo haujakamilika, na kwa prosesa nyingi ukomo huo uko karibu au juu ya nyuzi 100 za sentigredi, umeme unakatwa papo hapo bila kuaga. Tofauti ya ngazi hizi mbili za mwisho ni kubwa kwa mwenye hifadhidata ya wagonjwa au ya mapato, kwa sababu ile ya pili inaweza kuacha kumbukumbu zilizoandikwa nusu. Taarifa inayosema tu "ilizimika" imeificha tofauti hiyo.

Sehemu ya pili ni joto. Kiswahili kina joto na kina halijoto, na watu wengi huyatumia maneno haya kama pacha. Joto ni nishati inayotoka kwenye mashine. Halijoto ni kipimo tunachokisoma kwenye kipimajoto. Chumba cha seva huharibikiwa pale joto linalozalishwa linapokosa njia ya kutoka, na halijoto inapanda kama matokeo. Ndiyo maana hoja inayosikika sana Ngara, kwamba huku kuna baridi na kiyoyozi ni anasa, haisimami. Vilima vya Ngara vinapanda hadi karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na usiku watu wanajifunika blanketi mbili, lakini baridi hiyo iko upande wa pili wa ukuta. Ndani ya chumba kilichofungwa dirisha kwa ajili ya usalama, mashine zinatoa joto lilelile ambalo zingelitoa Dar es Salaam.

Kimo chenyewe kinaongeza ugumu. Hewa ya mlimani ni nyepesi, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo kila inapopitishwa na feni. Chama cha wahandisi wa upozaji, ASHRAE, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Kwa seva za kawaida za daraja la A2 kinaruhusu hadi nyuzi 35, ila ukipita mita 900 unatakiwa kupunguza nyuzi moja kwa kila mita 300. Kwenye kilima cha mita 1,800, ukomo wa 35 unakuwa 32. Fundi wa Ngara aliyebandika ukutani jedwali la mtengenezaji bila kulisahihisha kwa kimo anajipa nyuzi tatu ambazo hana.

Sasa tuchukue chumba cha mfano, cha aina inayopatikana kwenye hospitali au ofisi ya wilaya: mita 3 kwa 4, dari mita 2.7, seva tatu, swichi ya mtandao na betri ya akiba, ile ambayo mafundi huiita yupiesi. Tuseme vyote vinatumia wati 1,500. Karibu umeme wote huo unageuka joto ndani ya chumba. Kwa lugha ya madukani ni kama BTU 5,100 kwa saa, hivyo kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 kinatosha, kikiwa kizima. Kisipofanya kazi, hesabu inatisha: hewa ya chumba hicho, kwenye kimo cha Ngara, ina uzito wa kama kilo 31 tu, na wati 1,500 zinaweza kuipandisha nyuzi moja kila sekunde 20 hivi. Kwa kweli haipandi kwa kasi hiyo kwa muda mrefu, kwani kuta, sakafu na chuma cha kabati vinanyonya sehemu ya joto. Ila dakika za mwanzo ndizo za hatari, na mara nyingi hutokea usiku.

Umeme unakatika saa 6:40 usiku. Betri ya akiba inazishika seva, jenereta inawaka baada ya dakika mbili, na mtu akitazama taa za seva ataona kila kitu kiko sawa. Kiyoyozi hakikuunganishwa kwenye betri, kwa sababu kompresa ingeimaliza upesi. Umeme wa jenereta unapofika, kiyoyozi kinabaki kimezima, kwa kuwa viyoyozi vingi vya nyumbani vinasubiri mtu abonyeze rimoti. Hewa inayoingia kwenye seva ilikuwa nyuzi 22. Saa 6:55 ni 29. Saa 7:20 ni 35. Saa 8:05 inagusa 42 na seva zinajizima. Mhusika anafika saa 2 asubuhi, anafungua mlango, anasoma 27 kwenye kipimajoto cha ukutani na kuiandika kwenye taarifa. Mkubwa wake anashangaa: nyuzi 27 ndizo zilizoangusha mfumo?

Kipimo cha asubuhi ni cha chumba ambacho kimepoa kwa saa sita baada ya tukio. Kipimo cha tukio kimo ndani ya seva yenyewe, katika kumbukumbu ya matukio inayotunzwa na saketi ndogo inayoendelea kuwa hai hata prosesa ikizima. Ukiwasha mashine, unazisoma hivi:

```
ipmitool sdr type Temperature
ipmitool sel elist
```

Amri ya kwanza inaonyesha halijoto ya sasa. Ya pili inaonyesha historia. Mstari unaoutafuta unafanana na huu:

```
07/14/2023 | 23:05:08 | Temperature Inlet Temp | Upper Critical going high | Asserted | Reading 42 > Threshold 42 degrees C
```

Maana yake ni kwamba hewa inayoingia ilivuka kiwango cha hatari kwenda juu. Kuna mtego kwenye saa. Saketi hiyo mara nyingi huhesabu saa za Greenwich, saa tatu nyuma ya Tanzania, kwa hiyo 23:05 ya tarehe 14 ni saa 8:05 usiku wa kuamkia tarehe 15 kwetu. Asiyefanya ubadilishaji huo ataandika kwamba seva zilijizima kabla umeme haujakatika, na uchunguzi mzima utapotea njia. Kwenye taarifa andika saa ya Kiswahili, na pembeni nakili ya mashine kama ilivyo.

Linabaki neno la kushindwa kwa kiyoyozi, na hapa watu wa Biharamulo wana sababu ya pekee ya kuwa waangalifu. Nyakanazi, ndani ya wilaya yao, kuna kituo cha kupoza umeme, mahali ambapo msongo wa kilovoti 220 unapunguzwa ili umeme uweze kusambazwa. Kupoza huko hakuna uhusiano na halijoto. Taarifa inayosema "upozaji ulishindwa" inaweza kusomwa na mtu wa umeme kama hitilafu ya msongo. Andika "upozaji wa chumba cha seva", na uwe makini na herufi: kupooza, kwa o mbili, ni ugonjwa wa viungo, na nimeliona likiandikwa hivyo kwenye karatasi rasmi.

Kusema upozaji ulishindwa pia hakutoshi, ulishindwa vipi? Kipimajoto cha bei nafuu kinajibu. Pima hewa inayoingia kwenye kiyoyozi na ile inayotoka. Kiyoyozi kizima huzitofautisha kwa nyuzi 8 hadi 12 hivi. Tofauti ikiwa nyuzi 1 au 2 na feni inavuma, kompresa ya nje haifanyi kazi: huenda kapasita yake imekufa, au umeme ni hafifu kiasi kwamba inanguruma kidogo na kukata. Bomba jembamba likiwa na barafu, gesi imepungua au chujio limeziba. Na kama kompresa inazunguka lakini ni ya moto mno, tazama mapezi yake ya nje. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, vumbi jekundu la barabara huyafunika kama blanketi, na joto lililotolewa ndani linakosa pa kwenda.

Wapo wanaodhani kununua kiyoyozi cha pili ni kumaliza tatizo. Kinasaidia iwapo hakishiriki udhaifu wa kile cha kwanza. Tarehe 19 Julai 2022, siku London ilipovuka nyuzi 40, hospitali za Guy's na St Thomas' zilipoteza vituo vyao vyote viwili vya data. Vilikuwa viwili ili kimoja kikianguka kingine kishike, lakini mitambo ya kupoza ya pande zote mbili ililemewa na joto la siku moja. Wauguzi walirudi kwenye karatasi, na kurejesha mifumo yote kulichukua wiki kadhaa. Viyoyozi viwili vilivyo kwenye saketi moja, vyote vikisubiri rimoti baada ya umeme kukatika, ni hali hiyohiyo kwa kipimo cha wilaya.

Kwa chumba chetu cha wati 1,500, ningeomba kwanza kiyoyozi kinachojiwasha chenyewe umeme ukirudi, kisha feni ya dharura ukutani yenye chujio, inayoanza kazi halijoto ikifika 30. Usiku wa Ngara hewa ya nje inatosha kabisa. Kutoa joto hilo kwa tofauti ya nyuzi 8 kunahitaji kama mita za ujazo 690 za hewa kwa saa. Pwani, ambako hewa ni nzito, zingetosha kama 560. Muuzaji wa feni hatakuuliza uko kimo gani, hivyo mtajie wewe.

Na taarifa ya tukio lile la mfano ingesomeka hivi: "Usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai umeme ulikatika saa 6:40. Jenereta iliwaka saa 6:42, kiyoyozi hakikuwaka tena. Halijoto ya hewa inayoingia kwenye seva ilipanda kutoka nyuzi 22 hadi 42, na saa 8:05 seva zote tatu zilijizima kwa joto, kwa utaratibu. Hifadhidata imekaguliwa, haina hitilafu. Kiyoyozi kimewashwa kwa rimoti saa 2:10 asubuhi. Tofauti ya hewa inayoingia na inayotoka ni nyuzi 10, hivyo ni kizima. Chanzo ni kutojiwasha kwa kiyoyozi baada ya umeme kukatika."