Nyonga bandia: Kwa nini metali huchanganywa na plastiki

MGONJWA aliyewekewa nyonga bandia aghalabu hubeba mwilini vitu vitatu tofauti. Shina linaloingizwa ndani ya mfupa wa paja huwa la aloi ya titani, tufe lililo juu yake huweza kuwa la kobalti na kromi, na kikombe linamozunguka huwa na bitana ya plastiki iitwayo polietilini. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kufanya kazi zote peke yake.

Shina likiwa kakamavu kupita kiasi hubeba mzigo wote wa mwili, na mfupa unaolizunguka, kwa kukosa kazi, hudhoofu taratibu. Ukakamavu wa sehemu ngumu ya mfupa ni takriban gigapaskali 17. Ule wa aloi ya titani ni kama 110, na wa kobalti na kromi hukaribia 220. Titani bado iko mbali na mfupa, lakini tofauti yake ni nusu ya ile ya mwenzake. Aidha, mfupa huota na kushikamana nayo vizuri.

Hata hivyo, titani haifai kwa tufe. Uso wake hukwaruzika upesi, na tufe lenye mikwaruzo huisaga plastiki. Kobalti na kromi ni ngumu zaidi na hung'arishwa hadi kuwa laini kama kioo.

Plastiki nayo ilichaguliwa baada ya kosa. Daktari Mwingereza John Charnley alianza kwa kutumia Tefloni, ikalika ndani ya miaka michache. Mwaka 1962 akageukia polietilini. Aina ya kawaida ya plastiki hiyo hulika kama milimita 0.1 kwa mwaka, yaani milimita 2 katika miaka 20.

Madhara makubwa hayatokani na upungufu huo wa unene, bali na vumbi lake. Chembe za kinga hulimeza vumbi zisiweze kuliyeyusha, kisha huchochea mfupa wa jirani kuliwa, na hatimaye nyonga hulegea. Picha ya eksirei huonyesha tufe likiwa limehama kutoka katikati ya kikombe, na mapengo meusi mfupani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 imetumika polietilini iliyoimarishwa kwa mionzi, ambayo hulika kidogo zaidi.

Jaribio la kuiacha plastiki na kusuguanisha metali kwa metali lilileta tatizo jingine: kobalti na kromi ziliingia katika damu na kuharibu nyama za kando ya nyonga. Agosti 2010, kampuni ya DePuy iliziondoa sokoni nyonga zake za aina ya ASR. Aliyewekewa nyonga ya aina hiyo, akipata maumivu ya kinena, hupimwa pia kiwango cha kobalti katika damu, kwani picha ya eksirei pekee yaweza isionyeshe madhara hayo.