Hitima ya arubaini Kisumu: pesa ni za nani?

Mtu akifa Kisumu, ubishi huanza hata sufuria hazijainjikwa. Mmoja husema hitima ni bidaa na kila bidaa ni upotofu. Mwenziwe humjibu kuwa iko bidaa njema. Wote wawili wana wanavyuoni nyuma yao.

Wa pili hutegemea kauli ya Sayyidna Umar, alipowakusanya watu kusali tarawehe nyuma ya imamu mmoja na kuiita bidaa nzuri. Imam Shafi akagawa bidaa mbili, ya kusifiwa na ya kulaumiwa. Izzuddin bin Abdissalam akazifanya tano, kuanzia wajibu hadi haramu. Wa kwanza yuko na Imam Shatibi wa Andalusia: katika ibada hakuna bidaa njema, na Umar alilitumia neno hilo kilugha tu, kwani Mtume (s.a.w.) mwenyewe alishaisalisha tarawehe kwa jamaa. Huku kwetu Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kitabu kizima juu ya bidaa.

Lakini hitima si kitu kimoja. Kuna kisomo na kuna pilau. Kwenye kisomo hitilafu ni ya zamani, nayo haitaisha leo. Kwenye chakula kinachopikwa na wafiwa, hao hao Mashafi wanaokubali bidaa hasana, kina Nawawi na Ibn Hajar wa Haitam, wameikataa desturi hiyo. Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muta, Mtume aliamrisha watu wengine ndio wawapikie jamaa zake.

Pwani wageni wengi hula wakaondoka. Kisumu ukoo hutoka Siaya na Kendu Bay ukalala siku kadhaa, na wengi wao si Waislamu, hawajui habari za mirathi. Desturi mbili humwangukia mjane mmoja.

Tuseme marehemu wa Manyatta ameacha shilingi 80,000 baada ya maziko na madeni, hakuusia kitu, wazazi wake walishakufa, na ana mke na watoto wadogo, wa kiume na wa kike. Mke ana thumuni, 10,000. Zilizobaki 70,000 ni za mayatima. Arubaini ikila 40,000, basi hata mjane akitoa fungu lake lote, 30,000 zimetoka kwa watoto. Hapo ubishi wa bidaa umekwisha: ni mali ya yatima, na kuila ni haramu kwa pande zote mbili. Ami kusema "nimeruhusu" hakusaidii, kwani mali si yake, na mtoto mdogo hana ruhusa ya kutoa.

Anayetaka kusoma asome msikitini baada ya Alasiri, watu watawanyike. Anayetaka kulisha, atoe mfukoni mwake, au mrithi aliyebaleghe atoe katika fungu lake baada ya kugawanywa. Na majirani wanaochanga, wampe mjane mchango mkononi kabla hawajauliza mbuzi wangapi.