Duara lililoikwaza kanuni ya Dirichlet

Mwaka 1851, kijana wa miaka 25 aitwaye Bernhard Riemann aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari huko Göttingen, Ujerumani. Ndani yake kulikuwa na hoja moja iliyobeba mzigo mkubwa, ambayo baadaye aliipa jina la mwalimu wake, Dirichlet. Hoja yenyewe inavutia, na wengi waliikubali kwa miaka karibu ishirini. Shida ni kwamba ilikuwa na tundu, na tundu hilo unaweza kuliona mwenyewe kwenye umbo rahisi kuliko yote: duara.

Tuanze na swali. Una bamba la chuma la mviringo, nusu kipenyo chake ni 1. Ukingoni unashikilia joto unalotaka wewe, halafu unasubiri mpaka kila kitu kitulie. Je, joto la ndani litakuwaje? Jibu ni lazima litii mlinganyo wa Laplace. Kwa kuwa bamba ni la mviringo, hakuna sababu ya kuhangaika na x na y. Tunatumia r, yaani umbali kutoka katikati, na θ, yaani pembe:

u_rr + (1/r) u_r + (1/r²) u_θθ = 0

Sasa jaribu jibu la aina u = R(r)·Θ(θ), sehemu moja ya umbali na nyingine ya pembe. Ukizidisha kwa r² na kugawanya kwa RΘ, upande mmoja unabaki na r tu, mwingine na θ tu. Vitu viwili visivyotegemeana vikiwa sawa daima, basi vyote ni namba moja isiyobadilika. Tuiite λ. Tunapata milinganyo miwili:

Θ'' + λΘ = 0
r²R'' + rR' − λR = 0

Angalia ule wa pembe kwanza. Ukizunguka duara mzunguko mzima unarudi palepale ulipoanzia, kwa hiyo Θ nayo lazima irudi ilipokuwa. Hilo tu linatosha kulazimisha λ = n², ambapo n ni 0, 1, 2, 3 na kuendelea. Majibu ni cos nθ na sin nθ. Ona kwamba hatujagusa joto la ukingoni bado. Umbo lenyewe ndilo lililochagua namba nzima.

Mlinganyo wa umbali nao una tabia yake. Kila mara R inaponyambuliwa, kuna r ya kuilipia: R'' ina r², R' ina r. Kwa hiyo ukipima kwa sentimita au kwa inchi, mlinganyo haubadiliki hata kidogo. Vitabu huuita kwa majina ya Euler na Cauchy. Mlinganyo usiojali kipimo unakaribisha jibu la kipeo, basi weka R = r^p. Utapata p(p−1) + p − n² = 0, yaani p² = n². Majibu ni rⁿ na r⁻ⁿ, na kwa n = 0 ni 1 na log r. Lakini r⁻ⁿ na log r hulipuka katikati ya bamba, na joto la katikati haliwezi kuwa lisilo na mwisho. Tunavitupa. Kinachobaki ni jumla ya rⁿ cos nθ na rⁿ sin nθ, kila kimoja na kizidishi chake.

Tufanye mfano. Nusu ya juu ya ukingo iwe nyuzi 100, nusu ya chini nyuzi 0. Jibu ni:

u = 50 + (200/π)(r sin θ + r³ sin 3θ/3 + r⁵ sin 5θ/5 + …)

Katikati ni 50, kama ulivyotegemea. Panda juu moja kwa moja mpaka nusu ya njia, r = 1/2 na θ = 90°. Ukichukua vipande viwili tu unapata 79.2, na jumla nzima ni 79.5. Ndani ya bamba mambo yanatulia haraka sana, kwa sababu rⁿ inavinyonga vipande vyenye n kubwa.

Sasa turudi kwa Riemann. Yeye alisema hivi: chukua kila fanksheni yenye thamani zile zile ukingoni. Kwa kila moja, pima ukali wa mteremko wake kila mahali, uuweke katika kipeo cha pili, kisha ujumlishe bamba zima. Tuiite jumla hiyo nishati. Nishati haiwezi kuwa chini ya sifuri, kwa hiyo lazima iwepo fanksheni yenye nishati ndogo kuliko zote, na hiyo ndiyo inayotii Laplace.

Mwaka 1870 huko Berlin, Karl Weierstrass alionyesha tatizo la kwanza: kuwa na mpaka wa chini si sawa na kuufikia. Alitoa mfano wa jumla ya namna hiyo inayosogelea sifuri bila kuigusa kamwe. Lakini kwenye duara kuna tatizo la pili, na vipande vyetu vinalifichua wazi. Kila kipande chenye kizidishi a na namba n kina nishati ya π·n·a². Hebu jaribu kwa bamba letu la 100 na 0. Vizidishi hupungua kama 1/n, kwa hiyo nishati hujumlishwa kama 1 + 1/3 + 1/5 + …, na jumla hiyo haina mwisho.

Utasema: ah, ukingo huo unaruka ghafla kutoka 0 hadi 100, tumeuonea Riemann. Ni pingamizi la haki. Friedrich Prym alilijibu mwaka 1871 kwa ukingo usiokatika popote, na mwaka 1906 Mfaransa Jacques Hadamard akatoa mfano ulio mwepesi zaidi. Ukingoni weka jumla ya sin(n!θ)/n². Vizidishi 1 + 1/4 + 1/9 + … vinajumlika na kuishia karibu 1.645, kwa hiyo joto la ukingoni halikatiki mahali popote. Ila nishati ya kipande cha n ni π·n!/n⁴. Tuiache π pembeni tuhesabu: 1, kisha 0.125, kisha 0.074. Unaweza kudhani inatulia. Kipande cha saba ni 2.1, cha nane 9.8, cha kumi 363. Imelipuka.

Na hapa ndipo hoja inapokwama. Fanksheni inayotii Laplace ndiyo yenye nishati ndogo kuliko zote. Kama hata hiyo haina mwisho, basi zote zenye ukingo huo hazina mwisho. Riemann angekuwa anatafuta mshindi katika shindano lisilo na mshiriki.

Lakini usidhani swali la joto halina jibu. Kwenye mfano wa Hadamard jibu ni jumla ya r^(n!) sin(n!θ)/n², na kila sehemu ya ndani liko shwari. Tayari mwaka 1872 Hermann Schwarz alikuwa amethibitisha kwamba kwenye duara, ukingo wowote usiokatika una jibu lake, kwa kutumia fomula ya Poisson, ambayo ni vipande vyetu vile vile vilivyojumlishwa. Kilichoanguka ni njia ya kulifikia. Mwaka 1900 David Hilbert alionyesha kwamba hoja ya Riemann inaweza kuokolewa, ila kwa masharti. Sharti moja unalijua sasa: kabla ya kutafuta nishati ndogo kuliko zote, hakikisha ipo hata moja yenye mwisho.