Picha ya skrini si risiti

Anayefungua warsha ya kumbukumbu za malipo ya simu hapa Kindu angeanza vyema kwa kutenganisha maneno mawili. Risiti hutolewa na aliyepokea pesa. Picha ya skrini mtu hujipigia mwenyewe, nayo huonyesha tu kilichokuwa kwenye kioo wakati ule. Muuzaji anayeonyeshwa picha ya ujumbe wa M-Pesa wa faranga 50,000 bado hajalipwa, kwani tarakimu hubadilishwa kwa programu ya kuhariri picha. Atazame salio lake kwanza.

Mtu atauliza: basi picha ya nini? Simu hupotea, meseji hufutwa, na mlalamikaji asiye na namba ya muamala hana pa kuanzia. Namba hiyo ndiyo kampuni huitafuta katika kumbukumbu zake, kwa hiyo picha iibebe nzima, pamoja na kiasi, jina la mpokeaji na tarehe. (Saa iliyo juu ya kioo haitoshi, mara nyingi haina tarehe.) Namba ya siri isionekane kamwe, na ujumbe wenyewe usifutwe eti kwa sababu picha ipo.