Butembo bila franchaizi: nani anabeba mzigo kati ya Mombasa na Kirumba?

Nimeona wengi wanarudia somo la njia za usambazaji kwa mifano ya Ulaya na Amerika. Si vibaya. Lakini sisi wa Lubero tuna historia yetu ya jambo hilo, na inaeleza vizuri tofauti kati ya muuzaji wa jumla na wa rejareja. Leo naandika juu ya barabara moja tu, ile inayoleta bidhaa mpaka Kirumba, na swali moja: katika kila kituo, nani anabeba hasara mali ikichelewa?

Tuanze 1973. Tarehe 30 Novemba Mobutu alitangaza zairianizasio, na maduka ya wageni yakapewa Wazaire. Huku kwetu wageni hao walikuwa hasa Wagiriki na Wabelgiji. Mahali pengi waliopewa maduka waliuza mali iliyokuwa kwenye rafu, kisha wakafunga, kwa sababu walirithi duka lakini hawakurithi mtu wa kuwaletea mali mpya. Duka bila njia ya ugavi ni chumba tu.

Wafanyabiashara Wanande walijenga njia yao pole pole. Maharagwe, viazi na mboga za milima ya Lubero zilishuka Kisangani kwa lori na kufika Kinshasa kwa ndege. Kahawa ilivuka kwenda Uganda, mara nyingi kwa magendo. Pesa iliyopatikana ilinunua vitu vya duka: vitambaa, sabuni, mabati, vipuri. Angalia ile hesabu: gari lilijaa likienda na lilijaa likirudi. Lori linalorudi tupu linamfanya mteja wa mwisho alipe safari mbili.

Kufika miaka ya 1990 wakubwa wa Butembo walikuwa wakinunua wenyewe Dubai na Asia ya Mashariki. Konteneri inashuka Mombasa, inapita Nairobi na Kampala, inavuka mpaka wa Mpondwe na Kasindi, halafu kilomita 80 mpaka Beni na 54 mpaka Butembo. Kutoka hapo mali inapakuliwa, inagawanywa, inapanda Fuso kuelekea Lubero na Kirumba.

Hapo ndipo kazi ya grosisti inaonekana. Watu husema yeye ni mtu wa kati anayeongeza bei bure. Tufanye hesabu ya mfano, namba ni zangu za kufundishia. Katoni ya kandambili jozi 60 inamfikia mwagizaji Butembo kwa dola 54, naye anaiuza 60. Faida ni dola 6. Kwa katoni 1,000 anapata 6,000, lakini dola 54,000 zake zimelala miezi minne, baharini, bandarini na duane.

Muuzaji wa kati wa Kirumba ananunua kwa 60, anaongeza dola 3 za gari, anauza kwa dazani, dola 13 kila moja. Katoni ni dazani tano, kwa hiyo anapata 65. Faida yake ni dola 2 tu. Ataishije? Kwa kuzungusha haraka: katoni 50 kwa wiki ni dola 100. Mwenye duka dogo naye ananunua dazani kwa 13 na kuuza jozi kwa dola 1.30. Anabaki na 2.60, yaani asilimia 20. Kwa asilimia yeye anawashinda wote, lakini kama anauza dazani kumi kwa mwezi, amepata dola 26 na kodi ya duka inamsubiri.

Sasa ona nani yuko hatarini zaidi. Katoni mbili tu kati ya 50 zikilowa njiani au zikose kulipwa, yule wa kati amepoteza dola 126, na faida ya wiki nzima imeenda. Ndiyo maana anaogopa barabara mbovu kuliko anavyoogopa bei ya juu.

Na kuna kazi nyingine ya grosisti ambayo vitabu huitaja kwa mstari mmoja tu: yeye ni benki. Mwenye duka anachukua mali kauli, anauza, ndipo anarudisha. Hakuna hati ya nyumba wala hakimu. Dhamana ni kujulikana: ukoo, kanisa, na kijiji ulikotoka. Usipolipa, hutapata mali kwa mwingine pia.

Nguvu hiyo iliwafikisha mbali. Wakati wa vita, chini ya RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi, wafanyabiashara wakubwa wa Butembo walikuwa wakilipa mapema ushuru wa Kasindi, na kwa malipo hayo wakapata kiwango nafuu kwa konteneri. Waasi walipata pesa, wafanyabiashara walijua gharama kabla mali haijafika. Ilikuwa akili ya ugavi, lakini tuseme ukweli: pesa hiyo pia ililisha vita, na mdogo asiye na konteneri hakualikwa mezani.

Je, franchaizi iko wapi hapa? Katika franchaizi, mwenye jina anakupa jina, utaratibu na mara nyingi orodha ya wauzaji aliowakubali, nawe unalipa kiingilio na sehemu ya mauzo. Wakala wa M-Pesa pale Butembo ana rangi na jina la kampuni, lakini yeye ndiye anayelipwa kamisheni. Huyo ni wakala. Wanafunzi wengi huchanganya hapo.

Franchaizi nayo ina udhaifu wake. Januari 2022 matawi ya KFC nchini Kenya yaliishiwa chipsi, kwa sababu viazi vilitoka nje na meli zilichelewa. Kenya imejaa viazi, lakini wakulima wake hawakuwa kwenye orodha iliyoidhinishwa. Mama wa Kirumba anayekaanga viazi angenunua kwa jirani siku ileile. Kwa upande mwingine, mteja wake hana hakika kwamba kesho ladha itakuwa ile ile. Hakika hiyo ndiyo franchaizi inauza.

Mwisho wa Juni 2024 M23 iliingia Kanyabayonga na Kirumba. Desemba ilisogea kaskazini mpaka Alimbongo. Mstari wa vita ukakata barabara kati ya duka na depo. Fikiri mwenye duka aliyechukua mali kauli Butembo mwezi wa tano: mali imeuzwa au imeporwa, wateja wamekimbia, na mkopeshaji yuko upande mwingine. Anaweza kutafuta mali upande wa Goma, lakini huko hajulikani, kwa hiyo atalipa taslimu ambayo hana. Barabara ilipofungwa, kilichokatika ni sabuni na sukari, na pia mkopo wake.

Kwa anayejiandaa kwa mtihani, akiulizwa kulinganisha njia za usambazaji, asianze na urefu wa njia. Aulize kila kiungo mambo matatu: pesa ya nani imelala, kwa muda gani, na nani analipa mali ikipotea. Akijibu hayo kwa kandambili za Kirumba, atajibu kwa bidhaa yoyote. Nanyi mliofanya biashara kwenye barabara ile, tuandikieni: madeni ya 2024 yalimalizwaje kwenu?