Kikomo cha Maneno: Historia ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Mwalimu mmoja wa Morogoro alituandikia kuuliza swali ambalo mwanzoni tulilidhania dogo. Katika mswada aliopewa kuupitia, mfasiri alikuwa ameandika kwamba maneno yanayohifadhiwa katika kompyuta ni "mfuatano wa herufi unaoishia kwa sifuri". Wanafunzi wake walimwuliza: je, maandishi "KATA 10" yamekwisha kuishia kwa sifuri, au yahitaji sifuri nyingine? Mwalimu hakuwa na jibu, na mswada haukumsaidia. Katika makala haya tunakusudia kueleza asili ya jambo lenyewe, kwa kuwa istilahi hii haiwezi kuamuliwa vema na asiyejua mashine ilivyofanya kazi.

Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba. Kila herufi hupewa namba yake na kuwekwa katika chumba kimoja cha kumbukumbu kiitwacho baiti. Kwa orodha ya namba iliyotumika sana tangu miaka ya 1960, jina MOROGORO huandikwa 77, 79, 82, 79, 71, 79, 82, 79. Tatizo ni kwamba vyumba vya kumbukumbu vimepangana bila ukuta. Baada ya O ya mwisho kuna chumba kingine chenye namba nyingine, na mashine haina macho ya kuona kwamba neno limekwisha.

Njia mbili zilitumika kulitatua. Ya kwanza ni kuandika idadi ya herufi mbele ya neno, kama karani anavyoandika juu ya gunia idadi ya vitu vilivyomo. Ndivyo ilivyofanya lugha ya BCPL. Ya pili ni kuweka alama mwishoni. Ken Thompson wa maabara ya Bell, huko Marekani, alipotunga lugha ya B mnamo mwaka 1969, aliichagua njia hii ya pili, na alama yake ilikuwa ile iliyoandikwa `*e`. Mwenzake Dennis Ritchie alipoigeuza B kuwa C, mnamo mwaka 1972, alama ikawa baiti yenye namba 0. Sababu zao zilikuwa mbili: idadi iliyowekwa katika baiti moja huweka mpaka kwa urefu wa neno, na kuitunza idadi hiyo kuliwaletea usumbufu kuliko kutafuta alama.

Hapo jibu la mwalimu linapatikana. Tarakimu 0 tunayoisoma katika "KATA 10" huhifadhiwa kwa namba 48. Haiwezi kabisa kudhaniwa kuwa baiti ya 0. Maandishi hayo yana alama saba, ukihesabu na nafasi iliyo katikati, na huhitaji vyumba vinane.

Kwa nini namba 0 ilifaa hasa? Tuitazame mashine ya PDP-11, iliyotolewa mwaka 1970, ambayo C ilikulia juu yake. Ndani yake mlikuwa na rejista, yaani vihifadhi vichache vya mkononi. Rejista yaweza kubeba anwani ya chumba badala ya kitu kilichomo. Hapo huitwa kielekezi. Kunakili neno kutoka mahali A hadi mahali B kulihitaji amri nne tu:

```
    MOV  #A,R1
    MOV  #B,R2
L1: MOVB (R1)+,(R2)+
    BNE  L1
```

Amri mbili za kwanza zinaelekeza R1 na R2 kwenye A na B. Ya tatu huchukua baiti inayoelekezwa na R1, huiweka inapoelekeza R2, kisha husogeza vielekezi vyote viwili hatua moja. Amri hiyo hiyo huacha kumbukumbu kama baiti iliyohamishwa ilikuwa 0. Ya nne husema: kama haikuwa 0, rudia. Hakuna kuhesabu wala kulinganisha.

Kupima urefu hufuata mwendo ule ule. Kielekezi hutembea mpaka kiivuke baiti ya 0, kisha hutolewa anwani ya mwanzo na moja zaidi. Kama MOROGORO imeanzia chumba cha 100, kikomo kiko 108, kielekezi husimama 109, na 109 − 100 − 1 ni 8. Asiyetoa ile moja atapata 9, yaani atahesabu kikomo kuwa ni herufi.

Kosa kubwa zaidi ni la nafasi. Tuseme mtu ametenga vyumba vinane kwa kila jina: 100 hadi 107 kwa jina la kwanza, 108 hadi 115 kwa la pili. Akinakili MOROGORO kwanza, kikomo chake kinaangukia 108. Kisha akinakili ULUGURU, herufi U inakifuta. Akichapa jina la kwanza atasoma MOROGOROULUGURU, na kipimo kitampa urefu wa 15. Akianza na ULUGURU, kikomo cha MOROGORO kitaifuta U yake, na mstari wa milima utatoka mtupu. Ukiona majina yameungana au moja limetoweka, basi kagua nafasi ya kikomo. Jina la herufi nane hudai vyumba tisa.

Hatimaye neno hutumwa nje kwa waya, biti moja baada ya nyingine. Katika PDP-11 kazi hii ilifanyika hivi:

```
    MOV  #A,R1
L3: MOVB (R1)+,R0
    BEQ  MWISHO
L4: TSTB @#177564
    BPL  L4
    MOVB R0,@#177566
    BR   L3
```

Anwani ya 177564 hueleza kama mlango u tayari. Ile ya 177566 hupokea herufi. Mistari ya L4 ni ya kungoja, na haiachwi. Taipu ya waya ya miaka hiyo ilichapa herufi kumi kwa sekunde, hivyo MOROGORO ilichukua karibu sekunde moja, muda mrefu mno kwa mashine. Asiyengoja huimwaga herufi juu ya nyingine, na karatasini hutoka jina lenye mapengo.

Sasa turejee kwenye istilahi. "Kuishia kwa sifuri" kunampotosha msomaji, kama tulivyoona. "Alama tupu" nayo haifai, maana huchanganywa na nafasi baina ya maneno, ambayo ni namba 32. Sisi tunapendekeza kuiita alama hiyo kwa kazi yake: *kikomo*, na neno lenyewe *mfuatano wenye kikomo*. Istilahi hiyo hufaa kwa B na kwa C pia. Inapobidi kutofautisha, isemwe *kikomo cha namba 0*.

Kuhusu mlango, wengine huandika "mlango wa mfuatano". Lakini mfuatano tumekwisha kuupa kazi nyingine. Katika njia za miguu za Uluguru watu hushuka sokoni mmoja nyuma ya mwingine, na wote tunauita mwendo huo msururu. Biti nazo hupita hivyo hivyo. Basi tunaona *mlango wa msururu* ungefaa, na tungependa kusikia maoni ya walimu na wafasiri watakaoyajaribu maneno haya kazini.