Chunzio la Mgao: Kuhusu Jina Baya la Fomu Nzuri

Fomu niliyoonyeshwa ilitoka upande wa Nyamwaga, huko Tarime. Ilikuwa imejazwa na mwalimu mkuu aliyekwenda kuketi nyuma ya darasa la mwenzake. Kichwa chake kilisomeka: Orodha Hakiki ya Darasa lenye Mwitikio wa Kijinsia. Chini yake kulikuwa na sehemu nne: ukaaji, uulizaji wa maswali, ugawaji wa kazi na lugha. Mbele ya kila sehemu kuna alama ya ndiyo, na mwishoni pameandikwa kwa mkono safi: “Mwitikio ni mzuri, wasichana wengi wamehudhuria.”

Simlaumu aliyejaza. Alielewa Kiswahili alichoandikiwa. Kwa Mtanzania yeyote aliyewahi kwenda kwenye mkutano wa hadhara, mwitikio mzuri ni watu kujitokeza. Msikitini na kanisani kuitikia ni kujibu kwa pamoja. Darasani, mwanafunzi anaitikia salamu. Kitenzi chenyewe kimezaliwa na *ita*: mmoja anaita, mwingine anaitika. Ukiliambia darasa liwe na “mwitikio”, umemtwika mtoto kazi ya kuitika, na mwalimu umempa kazi nyepesi ya kuita tu. Nia ya fomu ilikuwa kinyume chake kabisa. Fomu hii inamtazama mwalimu.

Wenzetu wa kamati iliyoandaa fomu hii (na siwataji, kwa kuwa kamati hupenda kuwa nyingi pale zinapopongezwa) walitafsiri neno la Kiingereza *gender-responsive* sehemu kwa sehemu. Wangeuliza neno hilo lilikotoka. Mwongozo uliolitawanya Afrika ulitolewa Nairobi mwaka 2005 na FAWE, jukwaa la wanawake wanaelimu wa Afrika, na miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Profesa Penina Mlama, ambaye wasomaji wetu wanamfahamu zaidi kwa tamthilia kama *Hatia* na *Nguzo Mama*. Ni kejeli ndogo ya historia: mtu aliyeandika Kiswahili cha jukwaani kwa ufasaha ule amekuwa mlezi wa dhana ambayo sisi tumeshindwa kuipa jina. Katika mwongozo ule dhana ni rahisi. Mwalimu anatambua kwamba msichana na mvulana hawafiki darasani wakiwa na mizigo sawa, kisha anabadili anachokifanya.

Wapo waliojaribu “ufundishaji unaozingatia jinsia”, na hilo limeshaenea vyuoni. Nina heshima nalo. Kasoro yake ni kwamba kuzingatia hufanyika kichwani. Mwalimu anaweza kuzingatia kipindi kizima huku akimwuliza mvulana yuleyule mara nane, na hakuna atakayethibitisha kwamba hakuzingatia. “Mrengo wa kijinsia” tuachie bajeti, ambako ndiko ulikozoeleka.

Kuhusu *jinsia* lenyewe sina ugomvi, ingawa nasikia bado kuna wanaolisema kwa aibu. Waarabu walikuwa na *jins*, yaani aina, na wanaisimu wengi wanaliunganisha na Kigiriki *genos*. Kutoka ukoo huohuo, kwa njia ya Kilatini na Kifaransa, Waingereza wakapata neno lao. Kwa hiyo *jinsia* ni binamu wa neno linalolitafsiri, si mgeni wake. Kwa Mwarabu wa leo *jinsiyya* ni uraia. Kwetu *jinsi* imekuwa namna ya kufanya jambo, na pia maumbile ya kike au ya kiume, ilhali *jinsia* imepewa kazi ya kutaja yale ambayo jamii imeyajenga juu ya maumbile hayo. Wanaharakati wa miaka ya 1990 walisimamia tofauti hiyo, na Sera ya Maendeleo ya Wanawake na Jinsia ya mwaka 2000 ikaibeba katika jina lake. Hilo limekwisha.

Lililobaki ni “orodha hakiki”. *Hakiki* ina haki na ukweli ndani yake: anayehakiki anatoa hukumu kwamba kitu ni sahihi au si sahihi. Ndiyo maana fomu ile ilijaa alama za ndiyo. Wengine wanapendekeza “orodha ya ukaguzi”, wakati Wizara yenyewe ilishawaondolea wakaguzi jina hilo na kuwaita wathibiti ubora, na neno *mkaguzi* lilikuwa likiwafanya walimu waandike maandalio ya somo usiku kucha. Turudi huko kwa lipi?

Pendekezo langu ni *chunzio*. Kitenzi *chunza* kipo, nacho ni kutazama kwa makini. Watafiti wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa wakiandika *uchunzaji* katika tasnifu zao bila kuomba ruhusa ya mtu. Kama *chuja* ilivyozaa *chujio*, na *kimbilia* ikazaa *kimbilio*, ndivyo *chunza* inavyozaa *chunzio*: kitu cha kuchunzia. Na kinachochunzwa ni *mgao*. Tazama zile sehemu nne. Nafasi za kukaa, maswali, kazi, na maneno ya kumwitia mtu, vyote vinatoka mkononi au kinywani mwa mwalimu kwenda kwa watoto. Mwalimu ni mgawaji. *Chunzio la mgao kijinsia*: maneno manne, na mtu anajua mara moja kwamba atahesabu nani amepata nini. Mjumbe mmoja wa kamati aliniambia kwamba mgao unawakumbusha wananchi kukatika kwa umeme. Ndiyo hasa! Hakuna neno la Kiswahili ambalo wananchi wamejifunza kulifuatilia kwa saa na kwa mtaa kama hilo. Pendekezo halikuingia hata kwenye kumbukumbu za kikao. Sisi tulioishi na *ngamizi* hadi *kompyuta* ilipoizika tumezoea.

Niwape mfano wa kubuni, maana wapinzani wangu hupenda kusema kwamba jina halibadili kazi. Darasa la Tano, Hisabati, kipindi cha dakika 40, somo ni eneo la mstatili. Watoto ni 72: Ke 40, Me 32, watatu watatu kwenye dawati. Mchunzaji anachora ramani ya madawati kabla ya somo kuanza, na kila swali linapoelekezwa kwa mtoto anatia kijistari kwenye kiti chake. Mwishoni anahesabu maswali 24 yaliyoelekezwa kwa mtu. Me wamepata 15, Ke 9. Mgao unaolingana na idadi yao ungewapa wasichana 24 mara 40 gawanya kwa 72, yaani 13 na kitu. Hadi hapo ni pengo la maswali manne, na kwa kipindi kimoja pengo hilo linaweza kuwa bahati tu. Ndiyo sababu vipindi vitatu ni bora kuliko kimoja.

Lakini ramani inasema zaidi. Kati ya yale tisa, sita yamekwenda kwa wasichana wawili wa dawati la mbele. Maswali ya “kwa nini” yalikuwa sita, na wavulana wamepata matano. Wasichana wameulizwa urefu ni sentimita ngapi. Ulipofika wakati wa kupima sakafu, wavulana walishika utepe na wasichana wakaandika namba, kisha mvulana akasimama kusoma kazi ya kundi iliyoandikwa na katibu msichana mwenye mwandiko mzuri. Fomu ya ndiyo na hapana ingepita juu ya haya yote: wasichana wamekaa mbele, ndiyo, wameulizwa, ndiyo, wamepewa kazi, ndiyo.

Na kuna maswali mengine 11 ambayo mwalimu aliyatupa hewani, darasa zima likajibu kwa sauti moja. Hayo hayamo kwenye hesabu, kwa sababu hayakugawiwa mtu. Anayetafuta “mwitikio” ndiyo atakayoyapa alama ya juu kuliko yote.

Sehemu ya lugha ndiyo iliyotafsiriwa vibaya zaidi. Fomu za Kiingereza zinamwonya mwalimu asitumie kiwakilishi cha kiume kwa kila daktari na kila rubani. Kiswahili hakina tatizo hilo. *Yeye* hana jinsi, na *a-* ya *anasoma* haijui kama msomaji ni Rhobi au Mwita. Upendeleo wetu umejificha pengine. Uko katika “jikaze kiume” na “unalia kama mwanamke”. Uko katika *kijana*, ambaye kwenye mfano wa mwalimu karibu kila mara ni mvulana. Uko hata katika mkono wa kuume na mkono wa kike, ingawa huo siudai ufutwe, maana lugha haifuliwi kwa sabuni ya semina.

Nyamwaga ina jambo lake, na hapa tafsiri ya kutoka mbali haiwezi kusaidia kabisa. Wakurya wana maneno yanayomtaja kijana kwa hali yake ya jando au ukeketaji. *Omomura* ni mvulana aliyekwisha kutahiriwa, na ni neno la sifa. *Omosagane* ni msichana ambaye hajakeketwa, na likitamkwa darasani kwa mzaha linamwambia mtoto kwamba bado hajawa mtu. Sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini neno halikukatazwa na mtu. Mwalimu asiyejua Kikurya atasikia kicheko tu na kuendelea na somo. Mwalimu anayekijua huenda akalitumia mwenyewe, au akamsifu anayejibu vizuri kwa kumwita omomura. Kwa hiyo mchunzaji wa huko asiandike “lugha nzuri”. Aandike neno lenyewe lilivyotamkwa, nani kalitamka, kwa nani, na mwalimu alifanya nini baada yake. Akiwa mgeni wa lugha, aketi na mwenzake anayeielewa. Karibu na likizo ya Desemba, ambayo ndiyo msimu wa sherehe za jando na ukeketaji, sehemu hii ipewe nafasi kubwa kuliko ukaaji.

Matumizi kwa ufupi: fomu ijazwe somo likiendelea, si ofisini baadaye, mwalimu aonyeshwe ramani yake siku hiyohiyo kabla fomu haijapelekwa kwa afisa elimu kata, na kipindi cha kwanza kisihesabiwe sana, kwa kuwa kila mwalimu huuliza kwa haki akimwona mwalimu mkuu ameketi nyuma.

Ikiwa fomu itachapwa upya na kamati ikaamua kubaki na mwitikio wake, basi waondoe angalau safu ya ndiyo na hapana, na mahali pake waweke visanduku viwili vya namba, Ke na Me.